Mirathi Haikataliwi, Hutolewa: Hati ya Mrithi Anayemwachia Ndugu Yake Fungu Lake

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika familia zetu nyingi, baada ya msiba kupita na hitima kusomwa, huandikwa karatasi moja fupi. Ndani yake mrithi mtu mzima husema: "Mimi nimejitoa katika mirathi ya baba, fungu langu apewe ndugu yangu fulani." Chini yake huwekwa sahihi au dole gumba, mashahidi wawili hushuhudia, na karatasi hukunjwa ikawekwa. Mara nyingi aliyeiandika ameiandika kwa moyo mkunjufu. Miaka michache baadaye karatasi ile ile hufunguliwa mahakamani, na ndugu waliokuwa wakila sinia moja hawasalimiani tena.

Aghalabu nia haikuwa na kasoro. Kasoro imo katika neno "nimejitoa". Leo tutazame, kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu na hasa madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, ni jambo gani hasa analolifanya mrithi anapomwachia ndugu yake fungu lake, na hati yake iandikwe vipi ili ifikishe kile alichokusudia.

Fungu huingia bila ya kuombwa

Mali hutoka mkononi mwa mtu na kuingia kwa mwingine kwa njia nyingi. Katika biashara lazima muuzaji akubali na mnunuzi akubali. Katika zawadi lazima mtoaji atoe na mpewa apokee. Mirathi haiko hivyo. Mara tu roho inapotoka, fungu la kila mrithi linakuwa milki yake, akubali asikubali, ajue asijue. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 7, Allah (S.W.) amebainisha kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika yale waliyoyaacha wazazi na jamaa, yakiwa kidogo au mengi, na kwamba hilo ni fungu lililofaradhiwa. Kwa ajili hiyo wanazuoni wamesema kuwa haki ya kurithi haianguki kwa mtu kusema ameiangusha.

Kutokana na hapo hufuata matokeo mawili. La kwanza, mtu hawezi kusamehe mirathi ya baba aliye hai. Wapo wazee ambao kwa kuogopa ugomvi huwaita watoto wao wangali hai na kuwatilisha sahihi kwamba binti fulani hatadai nyumba. Karatasi hiyo haina kitu ndani yake, kwa sababu siku ilipoandikwa binti hakuwa akimiliki chochote cha kusamehe. Baba akifariki, fungu lake huingia kama lilivyo, na kudai kwake si kuvunja ahadi ya hiba, kwani hiba haikuwapo.

La pili, baada ya kifo mrithi hajitoi. Anachoweza kufanya ni kutoa. Kwanza anamiliki, kisha anampa ndugu yake kile alichokimiliki. Kwa hiyo hati tunayoiita ya kusamehe mirathi, kwa hakika yake, ni hati ya hiba. Tofauti hii inaweza kuonekana ni ya maneno matupu. Tuitie hesabu, tuone.

Familia ya mfano

Tuchukue familia ya mfano iliyoko Tanga. Baba amefariki, ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na wazazi wake walikwisha tangulia. Zimelipwa gharama za mazishi, yamelipwa madeni, na hakuna wasia. Kilichobaki ni nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 72 na shamba la minazi la shilingi milioni 24. Jumla ni milioni 96.

Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa fungu moja. Wana wawili wana mafungu manne, mabinti watatu wana mafungu matatu, jumla saba. Mali yote basi hugawika kwa nane bila ya kubaki kitu, na kila fungu ni milioni 12. Mama anapata milioni 12, kila mwana wa kiume milioni 24, na kila binti milioni 12.

Binti mkubwa ameolewa na Mungu amemkunjulia. Mdogo wao wa mwisho ndiye aliyeacha kazi yake akamuuguza baba. Binti mkubwa anataka fungu lake alichukue mdogo wake huyu, ili apate milioni 24. Anaandika: "Nimejitoa katika mirathi kwa ajili ya mdogo wangu."

Msimamizi wa mirathi, pengine kwa nia safi kabisa, anaisoma karatasi na kufanya lile inalolisema. Analifuta jina la binti mkubwa, kisha anagawa. Mama anachukua thumuni yake ileile, milioni 12. Zinabaki milioni 84. Sasa watoto ni wana wawili na mabinti wawili, mafungu sita, kila fungu milioni 14. Kila mwana wa kiume anapata milioni 28, kila binti milioni 14.

Tazama kilichotokea. Mdogo aliyekusudiwa kupata milioni 24 amepata milioni 14. Katika zile milioni 12 za dada yake zimemfikia mbili tu. Kaka wawili wameongezewa milioni nne kila mmoja, na dada wa kati milioni mbili, na wote hao hakuna aliyewapa. Hakuna aliyeiba. Ni jina lililofutwa kabla ya hesabu, badala ya hesabu kufanywa kwanza na fungu kuhamishwa baadaye.

Kosa hili huwa kubwa zaidi pale marehemu asipoacha mtoto wa kiume, kwa sababu hapo idadi ya mabinti hubadilisha fardhi yenyewe. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba mjane wa Saad bin Rabii (R.A.), aliyeuawa shahidi vita vya Uhud, alikuja kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti wawili wa Saad. Alishitaki kuwa ami yao ameichukua mali yote. Mtume (S.A.W.) akaamuru mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe cha ami. Kwa hesabu ya mafungu 24, kila binti ana manane, mama ana matatu, na ami ana matano.

Sasa chukua familia ya leo yenye warithi wa aina hiyohiyo, na binti mmoja anataka kumpa dada yake mafungu yake manane. Msimamizi akilifuta jina lake, anabaki binti mmoja, na binti mmoja fardhi yake ni nusu, yaani mafungu 12. Ami anachukua tisa. Dada aliyetakiwa kupata 16 amepata 12, na nusu ya zawadi imemwangukia ami. Kwa hiyo kanuni ni moja: warithi wote wahesabiwe kama Allah (S.W.) alivyowapanga, kila mmoja afahamu fungu lake, ndipo anayetaka kutoa atoe.

Anayetoa ajue anachotoa

Kwa kuwa jambo hili ni hiba, lina masharti ya hiba. Mtoaji awe amebaleghe, ana akili timamu, anaweza kuendesha mali yake mwenyewe, na atoe kwa hiari. Sheria ya nchi nayo inamhesabu mtu kuwa mzima kwa miaka 18, na hati ya mwenye umri chini ya hapo haitapokelewa. Mlezi wa yatima hana ruhusa ya kulitoa fungu la yatima, hata akidhani anajenga undugu. Mwanamke mtu mzima hutoa fungu lake kama mwanamume, wala katika madhehebu ya Shafi hahitaji idhini ya mumewe, kwa kuwa mali ni yake.

Sharti linalosahauliwa zaidi ni ujuzi. Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj ameweka kanuni kwamba kinachofaa kuuzwa ndicho kinachofaa kutolewa hiba, na kitu kisichojulikana hakifai kwa yote mawili. Dada anayeishi Dar es Salaam, anayepigiwa simu na kuambiwa, "Dada, tia sahihi tu, mambo ya baba tumeshayaweka sawa," hajui kama baba ameacha nyumba moja au tatu, wala kama kulikuwa na fedha benki. Akiandika kwamba ametoa haki yake yote, ametoa asichokijua, na kwa kanuni ya Shafi hiba hiyo ina kasoro katika msingi wake. Dawa yake ni nyepesi. Orodha ya mali na fungu lake viandikwe ndani ya hati yenyewe, naye asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya sahihi.

Sharti la ujuzi lina faida nyingine. Anayejua anachotoa anaweza kutoa sehemu yake. Binti mkubwa wa mfano wetu ana moja ya nane katika nyumba, yenye thamani ya milioni tisa, na moja ya nane katika shamba, yenye thamani ya milioni tatu. Akitaka atatoa ya nyumba na kubakisha ya shamba. Kugawika bado si lazima, kwa kuwa madhehebu ya Shafi yanakubali hiba ya fungu lililochanganyika na mafungu ya wengine, maadamu kiasi chake kinajulikana. Wanazuoni wa Hanafi wana masharti zaidi katika mali inayoweza kugawika, na familia inayofuata madhehebu yao iulize kabla ya kuandika.

Ama hiari, sahihi peke yake haiithibitishi. Katika aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, waume wameruhusiwa kula katika mahari ya wake zao pale tu wake wanapowaachia kwa kuridhia nafsi zao. Wanazuoni wetu wametaja kuwa kinachochukuliwa kwa kumtia mtu haya mbele ya watu ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Dada anayeulizwa siku ya hitima, mbele ya ami, wajomba na majirani, kama kweli anataka "kumnyang'anya kaka yake nyumba ya baba", atasema hapana. Lakini hapana ile si hiba.

Njia ya kujua ni kumuuliza akiwa peke yake, si siku ya msiba, na aulizaye awe mtu asiyefaidika na jibu, kama kadhi, imamu wa mtaa au mzee wa familia asiye mrithi. Aulizwe mambo matatu: fungu lako ni kiasi gani, unampa nani, na ukikataa kutatokea nini? Anayeshindwa kujibu swali la kwanza hajajua. Anayejibu la tatu kwa kusema, "Sitaweza kukanyaga tena nyumbani," hajaridhia. Wote wawili wasitilishwe sahihi siku hiyo.

Lipo na lalamiko la upande wa pili. Ndugu wengine husema: "Kwa nini ampe huyu asitupe sote? Mtume ameamrisha usawa." Amri ile, katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (R.A.), ni kwa mzazi anapowapa watoto wake. Dada anayempa ndugu mmoja katika mali yake mwenyewe halazimiki kuwapa wote, wala haihitajiki sahihi ya ndugu wengine kumruhusu. Wakishuhudia ni vizuri, lakini idhini si yao.

Hiba hukamilika kwa kupokewa

Maneno ya mtoaji na ya mpewa yakishasemwa, mali bado haijahama. Katika madhehebu ya Shafi, mpewa hamiliki mpaka aipokee na kuitawala kwa idhini ya mtoaji. Hili ndilo liitwalo kabdhi. Imepokewa katika Muwatta wa Imamu Malik kuwa Abubakar (R.A.) alimpa binti yake Aisha (R.A.) tende zinazofikia wasaki 20 katika mali yake. Alipofikwa na mauti alimwambia kwamba lau angelikuwa amezikata na kuzichukua zingelikuwa zake, lakini kwa kuwa hakufanya hivyo, siku ile zimekuwa mali ya warithi. Huyu ni Abubakar na yule ni Aisha, na hata hivyo hiba isiyopokewa ilirudi katika mirathi.

Turudi Tanga. Tuseme binti mkubwa ameandika hati sahihi kabisa, lakini karatasi imewekwa ndani ya sanduku. Wapangaji wanaendelea kulipa kama zamani, na sehemu ya kodi ya binti mkubwa inaendelea kupelekwa kwake. Mwaka unapita, binti mkubwa anapata ajali na kufariki, akiacha mume, mwana mmoja wa kiume, na mama yake mzazi yu hai. Zile milioni 12 hazikufika kwa mdogo. Zimeingia katika mirathi ya binti mkubwa: mume ana robo, milioni tatu, mama ana sudusi, milioni mbili, na mwana anachukua kinachobaki, milioni saba. Wao sasa wamesimama mahali pake, na wanaweza kukamilisha aliyoyaanza au kuacha. Mtoto akiwa mdogo, hakuna anayeweza kumtolea.

Kabdhi ya nyumba na shamba ni kuondoa kizuizi na kumwachia mpewa atawale. Kwa fungu lililomo ndani ya nyumba yenye wapangaji, alama yake ni nyepesi kuiona. Kodi ikiwa ni shilingi 160,000 kwa mwezi, fungu moja la nane ni shilingi 20,000. Tangu siku ya hati, wapangaji na anayekusanya kodi waambiwe kuwa mafungu mawili ya nane, yaani shilingi 40,000, ni ya binti mdogo. Mavuno ya minazi nayo yaende hivyo hivyo. Kodi ikiendelea kwenda kwa dada mkubwa, mtu ana haki ya kuuliza kama hiba ilikamilika.

Kabla ya kabdhi, mtoaji anaweza kurejea. Baada ya kabdhi, ndugu hana tena ruhusa ya kurejea katika alichompa ndugu yake, kwani Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayerejea katika hiba yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Aliyevuliwa katika hukumu hiyo ni mzazi kwa mtoto wake. Kwa hiyo anayetaka kutoa afikiri kabla.

Pia atazame afya yake. Hiba inayotolewa na mgonjwa katika maradhi yaliyomuua huhesabiwa kama wasia. Haivuki theluthi ya mali yake ila warithi wake wakiridhia, na aliyepewa akiwa ni mmoja wa warithi wa mgonjwa huyo, warithi wengine hawana budi kuridhia hata katika kidogo.

Ikiwa mrithi analiacha fungu lake kwa kupewa malipo, jambo hilo huitwa takharuji, nalo limo katika mlango wa biashara na suluhu. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofariki mwaka wa 32 Hijria aliacha wake wanne, na mmojawao, Tumadhir, alitoka katika fungu lake la robo ya thumuni kwa malipo aliyokubaliana na warithi. Basi anayepewa shilingi milioni tano ili "asamehe" fungu la milioni 12 hakusamehe, ameuza. Hati iseme ameuza, itaje bei, naye ajue kuwa ameuza kwa chini ya nusu ya thamani. Akiridhia baada ya kujua, ni haki yake.

Hati iseme nini

Allah (S.W.) ameamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 282, kuandika deni na kulishuhudisha, na fungu la mirathi linalohama kati ya ndugu linastahiki uangalifu kama huo. Hati nzuri si ndefu. Kwa binti mkubwa wa mfano wetu ingetosha kuandikwa hivi:

"Mimi, binti wa marehemu fulani aliyefariki tarehe fulani, nikiwa na akili timamu na kwa hiari yangu, nakiri kwamba nimeelezwa warithi wote wa baba yangu na mali yake iliyoorodheshwa hapa chini pamoja na thamani yake, na kwamba fungu langu ni moja katika manane. Fungu langu hilo katika nyumba na katika shamba nimempa hiba mdogo wangu fulani, bila ya malipo, na nimemruhusu alipokee na kulitawala tangu leo. Mali nyingine ya marehemu itakayodhihiri baadaye haimo katika hiba hii."

Chini yake mpewa aandike: "Nami nimeikubali hiba hii na nimeipokea." Kisha majina na sahihi za mashahidi wawili, na tarehe.

Angalia maneno yalivyochaguliwa. Ameandika "nimempa" wala hakuandika "nitampa", kwa sababu la pili ni ahadi. Ameandika "fungu langu" wala hakuandika "nimejitoa", ili msimamizi asilifute jina lake. Amemtaja anayepewa, ili fungu lisitawanyike kwa warithi wote. Na sentensi ya mwisho inamkinga asije kuambiwa kesho kwamba alishasamehe hata kiwanja ambacho siku ile hakuna aliyekijua.

Mtoaji abaki na nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mashahidi kisha aweke dole gumba, na mashahidi waandike kwamba alisomewa. Ni bora zaidi aape mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, kwani mahakama hukipa kiapo hicho uzito.

Hati ipitie wapi

Tanzania Bara, mirathi ya Mwislamu inayofuata sheria ya Kiislamu hufunguliwa aghalabu Mahakama ya Mwanzo. Zanzibar ipo Mahakama ya Kadhi, pamoja na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya, Mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo katika ndoa, talaka na mirathi.

Kwa upande wa Bara, familia hukaa kikao cha ukoo na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi. Hapa pana mtego unaowapata wengi. Dada wanatia sahihi muhtasari unaosema kwamba kaka awe msimamizi, kisha baadaye wanaambiwa, "Si mlitia sahihi?" Sahihi ile ni ya kumkubali kaka abebe amana. Haimpi hata tofali moja zaidi ya fungu lake. Muhtasari ukiwa na sentensi ya kusamehe iliyochomekwa mwishoni, kataeni kutia sahihi mpaka iondolewe. Kumteua msimamizi ni karatasi moja, na hiba ni karatasi nyingine, ya siku nyingine.

Msimamizi akishateuliwa, kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, au muda zaidi atakaoruhusiwa. Orodha hiyo ndiyo wakati mwafaka wa hiba, kwa sababu sasa mali inajulikana na mafungu yamehesabiwa. Mtoaji aende mwenyewe, hati yake ipokelewe mahakamani, na msimamizi aandike katika mgawanyo wake mistari miwili: binti mkubwa, fungu moja la nane, ambalo amempa mdogo wake, binti mdogo, fungu lake moja na moja la hiba, jumla mawili ya nane. Mgawanyo unaomwonyesha mdogo ana mawili bila ya kueleza yametoka wapi utazua maswali kwa watoto wao.

Nyumba ikiwa na hati miliki, kazi haijaisha mpaka jina libadilishwe katika daftari la ardhi. Kwanza jina la msimamizi huingizwa mahali pa marehemu, kisha yeye huhamisha kwa wenye mafungu. Nyumba isiyo na hati itaandikwa katika serikali ya mtaa au kijiji, na majirani wa mipaka wajulishwe. Mbele ya Allah (S.W.) hiba imekwisha timia kwa kabdhi, lakini mbele ya mnunuzi au benki, jina lililo kwenye daftari ndilo linalosema.

Ndugu msomaji, yule binti wa Tanga hana haja ya kujifuta katika ukoo wa baba yake ili amsaidie mdogo wake. Jina lake libaki katika orodha ya warithi, fungu lake liandikwe kama Mola wake alivyompa, kisha mkono wake mwenyewe ulikabidhi. Na ikiwa katika familia yako ipo karatasi ya zamani yenye neno "nimejitoa", ifungueni sasa, wote mngali hai. Mumuulize aliyeiandika alikusudia kumpa nani na kiasi gani, na muiandike upya.

Wabillahi tawfiq.